Bosi Anapojitwalia Jasho Lako

Mwezi huu naanza na barua ya dada mmoja wa Mikumi, ambaye ameniomba nisimtaje jina. Yeye ni mama wa watoto watatu, na anatunza stoo ya jikoni katika nyumba moja ya wageni, zile zinazopokea watalii wanaokwenda mbugani. Ananiandikia hivi: “Mama, nimetengeneza karatasi ya kulinganisha idadi ya wageni na chakula kinachotoka stoo. Mboga zilizokuwa zinaoza kila wiki sasa hazizidi ndoo moja. Mwenye nyumba alipokuja kutoka Dar es Salaam, meneja alimwonyesha karatasi ile, akasema ameibuni yeye. Mimi nilikuwa nimesimama pale na trei ya chai mkononi. Nikitaka kusema, nitaonekana sina adabu. Nikinyamaza, moyo unaniuma hata nyumbani nawagombeza watoto bila sababu. Nifanye nini?”

Dada yangu, nilipoisoma barua yako nilitabasamu, kisha nikahuzunika, maana mwaka 2017 nilikunywa kikombe hicho hicho. Acha nikusimulie yaliyonipata, pamoja na makosa niliyoyafanya mwenyewe.

Kisanduku cha boksi la sabuni

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kliniki ya watoto katika kituo kimoja cha afya wilayani kwetu. Wengi wenu mnajua ratiba ya chanjo. Mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha anapofikisha wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Baadaye huja kwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na dozi ya pili ya chanjo hiyo akiwa na miezi 18. Hapo kwenye miezi 18 ndipo akina mama wengi wanapotukimbia. Mtoto ameshatembea, ana afya, mama ameshika jembe, na ile tarehe iliyoandikwa kwenye kadi inasahaulika.

Tatizo letu lilikuwa kwamba hatukujua nani hajaja. Rejista ilikuwa nene, na majina yaliandikwa kwa kufuata siku ambayo mtoto alifika mara ya kwanza. Ili kumjua mtoto aliyepitiliza tarehe yake ilibidi kusoma ukurasa mmoja mmoja, na nani ana muda huo siku ya kliniki yenye foleni mpaka nje ya mlango?

Basi mwezi wa Februari nikachukua boksi la sabuni, nikaligawa kwa makaratasi magumu vyumba 12, kila chumba mwezi mmoja. Kila mtoto nikamwandikia kikaratasi chenye jina, kitongoji na chanjo inayofuata. Mtoto akichanjwa leo na anatakiwa kurudi mwezi wa Juni, kikaratasi chake nakitia chumba cha Juni. Akija Juni, nakitoa na kukihamishia mwezi wake mwingine. Mwezi ukiisha naangalia chumba chake. Vikaratasi vilivyobaki humo ni vya watoto ambao hawakuja. Husomi rejista, unavitoa tu na kumkabidhi mhudumu wa afya wa kitongoji akawatafute.

Wazo hili halikuwa geni duniani, vituo vingi vimelitumia. Lakini kwetu halikuwepo, na mimi ndiye niliyelileta, nikakata yale maboksi na kuandika vile vikaratasi nyumbani usiku watoto wakishalala. Mwezi wa Machi watoto 41 walitakiwa kurudi, na vikaratasi 17 vikabaki. Mwezi wa Juni walitakiwa 38, vikabaki 6.

Mwezi wa Julai mfawidhi wetu akaniomba nimwandikie maelezo. Nikaandika kurasa tatu kwa mkono, nikampa. Sikuandika jina langu mwisho wala tarehe, na sikubaki na nakala. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo kosa langu la kwanza.

Habari niliyoipata stendi

Mwezi wa Septemba nilikuwa stendi ya Kilosa nangoja gari. Muuguzi mwenzangu wa zahanati nyingine akanisalimu, akasema, “Kumbe mfawidhi wenu ana akili hivyo! Katika kikao cha robo mwaka ametufundisha kisanduku chake. Na sisi tumeshatengeneza, tumepanga vikaratasi kwa vijiji, kila kijiji na chumba chake.”

Nilihisi damu inapanda kichwani kwa neno lile “kisanduku chake”. Tena nikasikia neno la pili, ambalo lilikuwa baya zaidi: wamepanga kwa vijiji. Ukipanga kwa vijiji, kisanduku hakikuambii lolote. Mwezi ukiisha huwezi kumjua aliyekosa mpaka usome kikaratasi kimoja kimoja, na hapo umerudi kule kule kwenye rejista. Mfawidhi alikuwa amelisimulia jambo ambalo hakulifanya kwa mikono yake, akakosea kiini chake. Zahanati zile zingehangaika miezi miwili, mitatu, kisha zingeacha. Na watoto waliopaswa kutafutwa wasingetafutwa.

Mama, ukinyang’anywa sifa ya kazi yako, mara nyingi haiumii heshima yako peke yake. Anayeisimulia kazi asiyoifanya hawezi kujibu maswali juu yake, na kazi yenyewe huharibika njiani. Ukiliona hilo, utajua kwa nini kunyamaza si unyenyekevu sikuzote.

Lakini siku ile sikufikiri hivyo. Nilirudi kazini nimenuna, kwa wiki nzima nikawa namjibu mfawidhi kwa neno moja moja. Jumapili nikawamwagia akina mama wenzangu wa umoja wetu hadithi yote, pamoja na maneno ya kumdharau. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Mji wetu ni mdogo. Kufika Jumatano maneno yalikuwa yamemfikia, yakiwa yametiwa chumvi. Sasa badala ya yeye kuwa na deni kwangu, mimi ndiye niliyekuwa na deni kwake. Hasira hasara, wazee walisema.

Je, kweli amejitwalia?

Aliyenisaidia ni mama mmoja mzee, matroni mstaafu. Nilimweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Mwanangu, taarifa ya kituo ikienda wilayani inatiwa saini na nani?” Nikamjibu kwamba ni mfawidhi. “Basi kutia saini si wizi. Hiyo ni kazi yake. Kama kungekuwa na kosa ndani ya taarifa ile, ni yeye angeitwa kujieleza, siyo wewe.”

Swali lile lilinipoza. Ni kweli, kazi nyingi za ofisi hutoka kwa jina la ofisi. Meneja anaposema “tumepunguza hasara ya mboga,” hajakosea, kwa kuwa anazungumza kwa niaba ya nyumba nzima. Matroni alinifundisha kuangalia mambo matatu kabla ya kumhukumu mtu. La kwanza, je, ameulizwa nani alifanya, akajibu ni yeye? La pili, je, limetokea mara moja au ni desturi yake? La tatu, je, kazi ile imeonekana katika tathmini yako ya mwaka, au imetoweka kana kwamba hukuifanya?

Kwangu mimi jibu la kwanza lilikuwa ndiyo, maana wenzangu wawili waliokuwa kikaoni walinithibitishia. La pili, ilikuwa mara ya kwanza. La tatu, fomu yangu ya mwaka ilikuwa bado haijajazwa. Kwa hiyo kulikuwa na jambo la kusema, lakini halikuwa jambo la vita.

Kisha matroni akauliza swali la mwisho: “Daftari liko wapi?” Nikabaki kimya. Akacheka, akasema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi nayo ni mali.

Daftari la kazi

Kwa bahati, alama za kazi yangu zilikuwepo, ila zilikuwa zimetawanyika. Nilinunua kaunta buku nikazikusanya. Tangu siku hiyo sijaacha kuandika, na inanichukua dakika tano tu kabla ya kuvua gauni la kazi. Kila siku yenye jambo la maana naandika mambo manne: tarehe, nilichofanya, nani alikuwepo, na mahali ambapo jambo hilo linaweza kuonekana. Kwa mfano:

“Jumatatu, 3 Aprili. Nimetoa vikaratasi 17 vya mwezi wa tatu vilivyobaki, nimewakabidhi wahudumu wa vitongoji vinne. Alikuwepo muuguzi wa zamu. Wamesaini nyuma ya daftari la kliniki.”

Angalia kwamba hakuna neno la hisia. Sikuandika “mfawidhi hajali” wala “nimechoka kufanya kazi ya wengine.” Daftari lenye maneno kama hayo huwezi kumwonyesha mtu yeyote, na likiangukia mikononi mwa mwingine linakuwa silaha dhidi yako. Liandike kana kwamba bosi mwenyewe atalisoma kesho, maana huenda kweli akalisoma.

Tena usiandike yote kwa siku moja ukajifanya uliandika zamani. Mimi nilipokusanya mambo ya nyuma, juu ya ukurasa niliandika wazi: “Yameandikwa Septemba kwa kufuata rejista na daftari la zamu.” Mtu akigundua tarehe moja ya uongo, hata zile za kweli hazitaaminika.

Kwa wale tunaofanya kazi hospitalini kuna mpaka mmoja mkubwa. Usinakili majina ya wagonjwa kwenye daftari lako la nyumbani, wala usipige picha kurasa za rejista kwa simu. Siri ya mgonjwa si mali yako, na ukienda kudai haki yako huku umeivunja, utaadhibiwa wewe. Andika idadi tu. “Watoto 17” inatosha. Vivyo hivyo kwa wewe uliye dukani au hotelini: usichukue orodha ya wateja wala hesabu za fedha za mwajiri ukaziweka kwako. Andika ulichofanya na mahali karatasi ilipo.

Jambo jingine ni lile nililokosea mwezi wa Julai. Ukiombwa kuandika chochote, usikubali karatasi itoke mikononi mwako ikiwa yatima. Katika ofisi zetu kuna desturi nzuri ya kuandika mwisho wa taarifa: “Imeandaliwa na,” kisha jina na cheo, halafu “Imepitiwa na,” ambapo mkubwa wako anaweka jina lake. Hakuna bosi anayeweza kukasirikia maneno hayo, kwa sababu na yeye yumo. Weka tarehe, baki na nakala. Ukiituma kwa simu, ule ujumbe wenyewe ni kumbukumbu, kwani unaonyesha siku na saa.

Dakika kumi na tano

Nilingoja wiki mbili ili maneno ya mtaani yapoe. Kisha nikamwomba mfawidhi dakika 15 siku ya Alhamisi alasiri, baada ya kliniki, wagonjwa wakiwa wamekwisha. Usimvamie bosi asubuhi akiwa na foleni, wala mbele ya wahudumu wengine. Mtu anayeaibishwa mbele za watu hujitetea, hasikilizi.

Niliingia na karatasi moja tu. Sikuingia na kaunta buku zima, kwa sababu mtu ukimfungulia daftari nene anaona umekuwa unamchunguza. Kwenye karatasi ile niliandika tarehe tano tu: siku niliyoanza kisanduku, hesabu ya Machi, hesabu ya Juni, siku niliyompa maelezo, na siku ya kikao.

Nilianza na deni langu. Nikasema, “Daktari, nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza, niliongea vibaya juu yako mbele za watu. Nimekosa, naomba unisamehe.” Alinyamaza, kisha akasema, “Nilisikia, Sista. Yameisha.”

Nikaendelea: “La pili ni kisanduku cha chanjo. Nimekutana na mwenzetu wa zahanati nyingine, wamepanga vikaratasi kwa vijiji. Kikipangwa hivyo hakifanyi kazi, ni lazima kiwe kwa miezi. Nadhani kikaoni hapakuwa na nafasi ya kueleza vizuri. Na nilivyoambiwa, ilionekana kana kwamba mimi sikuhusika.” Nikaiweka karatasi mezani.

Akaitazama. Sura ikabadilika. “Sista, unanishtaki? Taarifa zote zinatoka kwa jina la kituo.”

Hapo ndipo pagumu, mama. Moyo wangu ulikuwa unadunda. Matroni alikuwa ameniambia kwamba bosi akipandisha sauti, wewe kubali lile lililo la kweli katika maneno yake, kisha rudi kwenye ombi lako. Nikasema, “Hapana Daktari, sijaja kushtaki. Ni kweli taarifa ni ya kituo, na saini ni yako. Naomba mambo mawili tu. Katika kikao kijacho, tukifika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, nipewe nafasi nieleze jinsi ya kukipanga, ili wenzetu warekebishe. Na kazi hii iingie katika fomu yangu ya tathmini, maana ndiyo iliyochukua muda wangu mwaka huu.”

Sikumwambia “wewe umeniibia.” Nilisema kilichotokea, nikasema kimeharibu nini, nikaomba vitu viwili ambavyo yeye mwenyewe aliweza kuvifanya bila kupiga magoti. Ukimtaka mtu akiri kwamba ni mwizi, utangoja mpaka uzeeke. Lakini ukimpa mlango wa kutokea, wengi hutoka.

Alikaa kimya muda mrefu, akizungusha kalamu. Mwisho akasema la kikao linawezekana, ila la fomu tutaliangalia Desemba. Nikashukuru, nikatoka. Kesho yake asubuhi nikamwandikia dokezo sabili la mistari minne: “Nashukuru kwa mazungumzo ya jana. Kama tulivyokubaliana, nitaandaa maelezo ya kisanduku kwa ajili ya kikao kijacho. Suala la kuiingiza kazi hii katika fomu ya tathmini tutalizungumza Desemba.” Likaingia kwenye jalada. Dokezo kama hilo si la kumtega mtu. Ni la kuwakumbusha wote wawili, kwa kuwa maneno ya mdomo hupeperuka.

Nilichopata na nilichokosa

Sitaki kukudanganya kwamba yote yalikwenda sawa. Mwezi wa Novemba nilisimama kikaoni kwa dakika 20 na boksi langu la sabuni mezani. Mfawidhi alinitambulisha kwa kusema, “Muuguzi wangu atafafanua.” Hakusema “ndiye aliyebuni.” Lakini maswali yote yaliyoulizwa niliyajibu mimi, na kila aliyekuwepo alijua. Zahanati ile ilipanga upya kwa miezi. Desemba, kazi yangu iliingia kwenye fomu.

Ila nafasi ya mafunzo iliyotolewa mwezi wa Septemba ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine. Hiyo sikuirudisha, na hakuna daftari lingeirudisha. Ndiyo maana nasema kumbukumbu zianze kabla ya ugomvi. Siku hizi watumishi wa umma hatujazi tena fomu za OPRAS, zile zilizoanza mwaka 2004. Kazi huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS, na msimamizi huzithibitisha humo. Usingoje mwisho wa mwaka. Kazi uliyoibuni iombee nafasi katika mpango wako mapema, na maendeleo yake uyaingize kwa wakati.

Je, bosi akikataa kabisa? Zungumza naye mara ya pili, kisha andika dokezo. Likishindikana, kuna barua kwa mkubwa wake, lakini kwa utaratibu ipitie kwa bosi wako mwenyewe. Usimruke, maana ukimruka kesi itageuka kuwa ya nidhamu yako. Unaweza kumwomba kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi aketi nawe, TUGHE kwa sisi wa afya na serikalini, au CHODAWU kwa wa mahotelini. Ujue pia mpaka wake: kunyimwa sifa peke yake si rahisi kuwa kesi ya kupeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko hupelekwa migogoro kama ya kuachishwa kazi na mishahara. Kwa hiyo yale mazungumzo ya dakika 15 siyo hatua ndogo ya kuruka. Mara nyingi ndiyo hatua yenyewe.

Tusiwasahau pia wakubwa wema. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa, walipokuwa wakitengeneza aiskrimu. Walimu na wenzake walimcheka. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam. Msomi yule angeweza kwenda kupima kimya kimya akaandika jina lake peke yake. Badala yake, makala yao ya mwaka 1969 ilitoka na majina yote mawili, na la Mpemba likitangulia. Mpaka leo wanasayansi duniani huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Nawe mama ambaye una wasaidizi chini yako, dukani, shambani au jikoni, jiulize ni jina la nani umeliacha.

Dada wa Mikumi

Sikungoja kujibu kwa gazeti tu. Mwezi uliopita nilipanda gari, nikapita Ulaya mpaka Mikumi, tukaketi naye nyuma ya nyumba yake kando ya barabara kuu. Nilimuuliza ana nini mkononi. Kumbe alikuwa navyo vingi kuliko nilivyokuwa navyo mimi! Karatasi zote za wiki 11 ni za mwandiko wake, na jumbe alizomtumia meneja kwa simu tangu wiki ya kwanza zilikuwa bado zipo: “Meneja, wageni 14 kesho, natoa nyanya kilo 4.” Alikuwa na daftari bila kujua.

Tulipanga maneno yake pamoja. Asimwendee siku mwenye nyumba yupo, amwendee siku mbili kabla hajafika. Aseme: “Meneja, mwenye nyumba atauliza tena habari za stoo. Naomba safari hii nieleze mimi jinsi ninavyojaza, wewe ueleze faida iliyopatikana.” Na chini ya kila karatasi aandike “Imeandaliwa na mtunza stoo,” na jina lake.

Juzi amenipigia simu. Meneja kwanza aliguna, kisha akakubali. Mbele ya mwenye nyumba alisema, “Hii tuliandaa pamoja.” Dada yangu aliniuliza, “Mama, hiyo ‘pamoja’ si kweli. Nikubali?” Nikamuuliza, “Mwenye nyumba alimuuliza nani maswali ya stoo?” Akasema, “Aliniuliza mimi, nikampa karatasi zote, akaangalia jina.”

Nikamwambia aendelee kuandika jina lake, na karatasi ya wiki ijayo asiisahau. Haya, tuonane mwezi ujao.